Uzi: Makadirio ya kodi ya kampuni TRA, awamu ya tatu inafika na faida siioni. Nishushe au niache?

Mnazi_Mkavu (Mwanza)
Wakuu habari za jioni. Kampuni yetu inauza vifaa vya ujenzi, mwaka wetu wa hesabu ni Januari hadi Desemba. Mwezi Machi tulipeleka makadirio ya kodi ya mwaka milioni 18, tukalipa awamu ya kwanza milioni 4.5 na ya pili milioni 4.2. Sasa tarehe 30 Septemba iko mlangoni na mimi naona mwaka huu hakuna faida. Toka Januari hadi mwisho wa Agosti benki zimeingia milioni 649. Manunuzi ya mzigo bila VAT ni milioni 450, uendeshaji milioni 56. Nikitoa VAT na mkopo wa milioni 59 ulioingia humohumo, nabaki na mauzo milioni 500. 500 toa 450 toa 56, ni hasara ya milioni 6. Nataka kupeleka makadirio mapya ya sifuri, awamu mbili zilizobaki nisilipe. Je, kuna adhabu? Julai tulipata tenda ya halmashauri ila sehemu kubwa ya mzigo tutaupeleka Oktoba na Novemba.

Baba_Tunu
Mkuu usijisumbue na makaratasi. Acha milioni 18 ibaki hivyo hivyo, ukifunga hesabu mwakani Juni utalipa tofauti au watakurudishia. Muhimu usiwe chini ya 80% ya kodi ya mwaka jana, hapo hawakugusi.

dukani_Tandika
Na mimi niulize hapohapo. Mimi nina duka la rejareja, afisa alinikadiria laki nne na nusu nilipe mara nne kwa mwaka. Mauzo yamepungua mtaa mzima. Naweza nikajaza hiyo fomu ya kupunguza?

Mhasibu_wa_Zamu
dukani_Tandika, lako ni jingine ndugu yangu. Wewe uko kwenye jedwali la wafanyabiashara wadogo, kodi inafuata kundi la mauzo ya mwaka. Faida haiangaliwi. Huko unapeleka ushahidi wa mauzo kwa afisa wako ili akuhamishe kundi. Hapa tunazungumzia kampuni, ambayo inajikadiria yenyewe faida na kulipa 30% yake.

Mnazi_Mkavu, kabla ya kuandika sifuri nijibu swali moja tu. Godauni lilikuwa na mzigo wa kiasi gani tarehe 1 Januari, na lina wa kiasi gani leo? Kwa bei ya kununulia, siyo ya kuuzia.

Mnazi_Mkavu (Mwanza)
Januari mizania inasema milioni 90. Tulihesabu wikiendi ya kwanza ya Septemba kwa ajili ya benki, tukitoa yaliyoingia na kuongeza yaliyotoka wiki hiyo ni kama milioni 150. Tulijaza nondo na bati kwa sababu ya hiyo tenda.

Mhasibu_wa_Zamu
Basi hasara yako imelala godauni. Manunuzi ya milioni 450 siyo gharama ya ulichouza. Ulianza na 90, ukanunua 450, jumla 540. Zimebaki 150. Ulichouza kilikugharimu 390. Mauzo 500 toa 390, faida ghafi ni milioni 110, yaani 22% ya mauzo, na kwa vifaa vya ujenzi sioni cha kushangaza. Toa uendeshaji 56, una faida ya milioni 54 kwa miezi minane.

Hili ndilo kosa ninaloliona kila Septemba. Mtu amejaza stoo kwa ajili ya kazi ya mwisho wa mwaka, anaona pesa imekwisha, anadhani hana faida. Anashusha makadirio, halafu Desemba mzigo unatoka na faida yote inajitokeza mwezi mmoja.

Njia ya kukadiria mwaka mzima ni hii: chukua miezi iliyopita kama ilivyo, halafu ijenge iliyobaki kipande kwa kipande. Usizidishe tu kwa kumi na mbili ukagawa kwa nane, maana tenda haikuwepo mwanzoni mwa mwaka. Nipe mauzo ya kawaida ya mwezi kwa sasa, na thamani ya tenda iliyobaki kupelekwa kabla ya Desemba kwisha.

Mnazi_Mkavu (Mwanza)
Kawaida milioni 55 kwa mwezi bila VAT, mvua zikianza hupungua kidogo ila hazivuki chini ya 50. Tenda imebaki milioni 100, faida yake ghafi ni ndogo, 15% hivi, tulishindana bei.

Mhasibu_wa_Zamu
Sawa. Mauzo ya kawaida miezi minne ni 220, kwa 22% unapata faida ghafi milioni 48.4. Tenda milioni 15. Jumla 63.4. Uendeshaji wako ni 7 kwa mwezi, kwa hiyo 28. Zinabaki 35.4. Jumlisha na 54 za mwanzo, faida ya mwaka kwa vitabu ni 89.4.

Hiyo bado siyo faida ya kodi. Ndani ya zile 7 za kila mwezi kuna uchakavu mliouweka wenyewe, sivyo? TRA hawautambui, wana viwango vyao. Urudishe wote, kisha utoe wa kwao. Gari la mzigo linalobeba chini ya tani 7 linakatwa 37.5% ya thamani iliyobaki, samani 12.5%. Rudisha pia faini, na manunuzi yasiyo na risiti ya EFD, maana hayo ukikaguliwa yatarudishwa tu.

Mnazi_Mkavu (Mwanza)
Uchakavu wa vitabu ni milioni 1 kila mwezi. Kuna lori dogo la tani 4, thamani iliyobaki kwa hesabu za kodi ni milioni 40. Samani za milioni 8. Vibarua na vitu vidogovidogo bila risiti tuseme milioni 4 kwa mwaka.

Mhasibu_wa_Zamu
89.4 ongeza 12 ongeza 4, toa 15 za gari, toa 1 ya samani. Imerudi palepale 89.4, kwa bahati. Iweke 90. Kodi ya 30% ni milioni 27. Wewe uliandika 18 na ulitaka kuandika sifuri.

Baba_Tunu
Hata kama ni 27, nimesema atalipa tofauti Juni. Kampuni nyingi zinafanya hivyo.

Mhasibu_wa_Zamu
Tofauti inalipwa kweli na ritani ya mwisho, miezi sita baada ya mwaka kufungwa, hapo uko sahihi kaka. Ila hiyo 80% haipimwi na kodi ya mwaka jana. Inapimwa na kodi halisi ya mwaka huohuo, ile itakayoonekana hesabu zikishafungwa. Makadirio yakiwa chini ya 80% ya kodi halisi, riba inahesabiwa kuanzia awamu ya kwanza, Machi, siyo kuanzia Juni ya mwakani.

Tuchukulie mwaka unaishia na faida ya kodi ya milioni 100. Kodi halisi ni 30. Makadirio yake ya 18 ni 60% tu. Sheria inajiuliza angelipa nini kama angekadiria sawasawa: 7.5 kila awamu badala ya 4.5. Kwa hiyo kuanzia 31 Machi kuna pengo la milioni 3, kuanzia 30 Juni ni 6, kuanzia 30 Septemba ni 9, na kuanzia 31 Desemba ni 12, linakaa hivyo hadi siku ya ritani, 30 Juni. Nimeacha kodi ya zuio pembeni ili hesabu isomeke.

Kiwango cha riba hutegemea kile cha Benki Kuu, kwa hiyo angalia cha mwaka husika. Kwa mfano tu tuseme 10% kwa mwaka. Miezi mitatu ya 3 ni shilingi 75,000. Ya 6 ni 150,000. Ya 9 ni 225,000. Miezi sita ya 12 ni 600,000. Jumla 1,050,000, na kwa kuwa riba inazaa riba kila mwezi, itavuka hapo kidogo. Hapo hujagusa ile milioni 12 yenyewe.

Wanjala_KSM
Kwetu Kenya huyu Baba Tunu hangekuwa amepotea sana. Huku unaruhusiwa kutumia ushuru wa mwaka jana ukiuongeza hadi 110%, ukalipa kwa awamu nne, tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba kama mwaka wako ni wa Januari. Mwaka ukiwa mzuri ghafla, 110% inakusitiri, unalipa salio mwezi wa nne baada ya mwaka kuisha. Ukiona mwaka ni mbaya, unatumia makadirio ya mwaka huu, na hapo kosa ni lako.

Mhasibu_wa_Zamu
Ndiyo maana watu wenye matawi pande zote mbili huchanganya. Huku Tanzania bara hakuna kivuli cha mwaka jana. Unakadiria mwaka huu, na unapimwa na mwaka huu.

Mama_Risiti
Dada mtu mzima nachomekea hapo. Mnazi_Mkavu, kutoka 18 kwenda 27 usidhani utapigwa 9 nzima Septemba. Hesabu ya kila awamu ni: makadirio ya mwaka, toa ulichokwisha kulipa kwa awamu za nyuma, toa na kodi ya zuio uliyokatwa mwaka huu hadi siku hiyo, kinachobaki gawa kwa awamu zilizobaki, hiyo unayoilipa ikiwemo. Umekatwa zuio kiasi gani hadi leo?

Mnazi_Mkavu (Mwanza)
Vyeti vya 2% nilivyonavyo hadi leo ni milioni 1.5. Mwezi wa sita vilikuwa laki 9, ndiyo maana ile awamu ilishuka hadi 4.2. Kufika awamu ya Desemba nategemea vifike 2.5.

Mama_Risiti
Vizuri umevitunza. 27 toa 8.7 ulizolipa toa 1.5 ya zuio, zinabaki 16.8, gawa kwa mbili, Septemba ni milioni 8.4. Desemba itakuwa 27 toa 17.1 toa 2.5, yaani 7.4.

Mambo mawili kuhusu hivyo vyeti. Usitoe zuio ambalo bado hujakatwa. Watu wanatoa mwaka mzima mwezi Machi kwa sababu tenda wameshasaini, halmashauri ikichelewa kulipa, awamu yao inakuwa pungufu. Na kama mnunuzi amekuzuia na VAT, hiyo inakwenda kwenye ritani ya VAT. Ukiileta huku, mfumo utakukubalia kujaza, ukaguzi ndio utakaoikataa.

Kijana_wa_Ekseli
Wakuu kwa nini asiweke hasa 80%? Kodi halisi ikiwa 30, anaandika 24, anakaa na milioni zake hadi Juni bila riba. Ni pesa ya bure ya mzunguko.

Mhasibu_wa_Zamu
Kwenye karatasi hesabu yako haina kosa. Shida ni kwamba hiyo 30 huijui Septemba, na hata Juni huijui kabisa. Kodi halisi ni ile itakayosimama mwishoni, pamoja na atakachoongeza mkaguzi miaka miwili baadaye.

Chukua hata hii 27 tuliyomfanyia. Amefunga na faida ya kodi ya 100, kodi 30, 27 ni 90%, yuko salama. Anakuja mkaguzi, anakataa manunuzi ya milioni 15 kwa risiti mbovu. Faida ya kodi imekuwa 115, kodi 34.5. Sasa 27 ni 78.3%. Mlango umefunguka, riba inarudi hadi Machi ya mwaka ule. Angeandika 28 angekuwa na 81%. Kwa hiyo mimi ningeandika 28, Septemba alipe 8.9, Desemba 7.9. Laki tano zaidi kila awamu, na zote zinahesabika kwenye salio lake la Juni, hazipotei.

Kijana_wa_Ekseli
Kwa mantiki hiyo aandike 40 alale usingizi.

Mama_Risiti
Akiandika 40 na kodi ikatoka 30, atakuwa ameizidishia serikali milioni 10. Kurudishiwa taslimu maana yake ni kuomba, kukaguliwa, kungoja. Wengi huishia kuiombea ikatwe kwenye kodi zijazo. Muuza nondo milioni 10 ni mzigo kamili huo, haifai kulala huko.

Ndugu_Mlipaji
Kuna suala mmelipita haraka. Amekadiria 18 Machi, anarekebisha Septemba kuwa 28. Je, awamu mbili za mwanzo zimeponywa? Mimi naisoma hivi: ukisharekebisha, makadirio yako ni yale mapya, yakifika 80% hakuna riba kabisa.

Mhasibu_wa_Zamu
Nami naisoma hivyohivyo. Sheria inataja makadirio au makadirio yaliyorekebishwa, na ukivuka 80% kigezo hakijatimia.

Mama_Risiti
Mimi sina uhakika huo wa kwenu. Nimeona hoja ikipelekwa kwamba pengo la Machi na Juni lilikuwepo, na afisa akaling'ang'ania. Ninyi mnasoma "au" kwa faida ya mlipakodi, mwingine anaisoma kwamba makadirio yoyote kati ya hayo mawili yakiwa chini, umeingia. Ndiyo maana nasema barua ya sababu za kurekebisha isiwe mstari mmoja. Aandike kwamba mkataba wa tenda ulisainiwa Julai, aambatishe ukurasa wenye tarehe, aonyeshe kwamba Machi 18 ilikuwa sahihi kwa taarifa za Machi. Hiyo ndiyo silaha yake wakibishana.

Ndugu_Mlipaji
Kwenye barua tunakubaliana. Kwenye tafsiri bado.

Baba_Tunu
Mimi wasiwasi wangu kurekebisha kunawaita. Ukigusa makadirio, wanakuja kukagua.

Mhasibu_wa_Zamu
Kupandisha sijawahi kuona kukimsumbua mtu. Kushusha ndiko kunakoulizwa, na Kamishna ana uwezo wa kukataa na kuweka makadirio yake mwenyewe. Kama kweli mwaka umeanguka, shusha, lakini nenda na hesabu ya miezi iliyopita, orodha ya stoo iliyosainiwa na waliohesabu, na mauzo ya EFD yanayolingana na ritani za VAT. Afisa kitu cha kwanza atafungua ni hizo ritani za VAT. Ukisema mauzo 400 na VAT inaonyesha 500, mazungumzo yameisha.

Mnazi_Mkavu (Mwanza)
Nimeelewa, na nashukuru maana nilikuwa najichimbia. Utaratibu wenyewe ukoje, nikalipe kwanza au nirekebishe kwanza?

Mama_Risiti
Rekebisha kwanza. Ukilipa kabla, namba ya malipo itatoka kwa kiasi cha awamu ya zamani na pesa itakaa kwenye deni la zamani. Ingia kwenye akaunti ya kampuni mtandaoni TRA, wasilisha makadirio mapya na barua, ngoja deni la awamu ya tatu libadilike, ndipo utoe namba ya malipo. Fanya hayo wiki moja kabla. Siku ya 30 mfumo huwa umeelemewa, na benki ikichelewa kuingiza ni wewe unayedaiwa. Awamu iliyochelewa ina riba yake mbali kabisa na hii ya kukadiria chini, na ukivuka hata siku moja mwezi huhesabiwa mzima.

Ukishalipa, rudi ukaangalie kwamba malipo yamekaa mwaka huu na awamu ya tatu. Malipo yakitua kwenye mwaka mwingine, mfumo utakuonyesha unadaiwa huku risiti unayo mkononi, na kuyahamisha ni barua na kufuatilia.

Mhasibu_wa_Zamu
Na tenga pesa ya tarehe 30 Juni kuanzia sasa. Siku hiyo una mambo mawili pamoja, salio la mwaka huu na awamu ya pili ya mwaka ujao. Kwa hesabu ya faida 100 na makadirio 28, salio ni milioni 2, na awamu ya pili pengine ni 7. Makampuni mengi hukwama hapo kwa sababu walipanga moja tu. Hesabu stoo tena mwisho wa Novemba. Ikionekana tenda imevuka kwenda Januari, mzigo wake na faida yake ni vya mwaka ujao, na una nafasi ya kurekebisha tena kabla ya awamu ya Desemba.

dukani_Tandika
Samahani wakuu, ushahidi wa mauzo kwa afisa ni ripoti za mashine au daftari linatosha?

Mama_Risiti
Vyote viwili dada au kaka. Ripoti za EFD za kila mwezi, na daftari la mauzo ya kila siku liende sambamba nazo. Fungua uzi wako, utapata watu wa huko zaidi.